Kuzungusha kipande cha mstari kwenye mhimili wa x: napata 12π, kanuni ya pia inasema 15π. Nakosea wapi?

kijana_wa_PCM

Wakuu, habari za usiku. Kuna swali limenikaba tangu jana. Tumepewa kipande cha mstari y = 3x/4, kuanzia x = 0 hadi x = 4. Kinazungushwa mzunguko mmoja kamili kwenye mhimili wa x. Tutafute eneo la uso unaopatikana, halafu tuhakiki jibu kwa kanuni ya pia.

Upande wa pia sina shida nao. Kipande kinaanzia (0, 0) na kuishia (4, 3), kwa hiyo kikizunguka kinatoa pia iliyolala ubavu. Ncha iko kwenye chanzo, mdomo una nusu kipenyo 3, kimo ni 4 na mshazari ni 5. Kanuni ni πrl, kwa hiyo 15π.

Sasa upande wa kalkulasi. Nimewaza hivi: kila nukta ya mstari ikizunguka inachora duara lenye nusu kipenyo y, na mzingo wake ni 2πy. Nikajumlisha mizingo yote kutoka 0 hadi 4:

∫₀⁴ 2π(3x/4) dx = 12π

Nimerudia mara nne, 12π haibanduki. Sijakosea kuintigreti. Sasa nani mwongo, mimi au pia?

Mjuzi_Mkavu

Dogo, hiyo 12π ni ujazo. Ujazo wa pia ni ⅓πr²h. Weka r = 3 na h = 4, unapata ⅓ × 9 × 4 × π = 12π. Umeulizwa eneo wewe ukatafuta ujazo, kosa la kawaida sana hilo. Funga uzi.

kijana_wa_PCM

Mkuu hapo umenishtua, kweli namba ni ileile. Lakini ujazo si unatafutwa kwa πy²? Mimi sikuweka y mraba popote. Nilitumia mzingo, sikutumia eneo la duara.

pweza_wa_Pemba

Nimefanya haraka haraka hapa kwenye karatasi ya vitumbua, napata 20π. Mshazari 5, nusu kipenyo 4. Mbona wote mmekosa?

Chaki_Nyeupe

Pweza, wewe umeizungusha kwenye mhimili wa y. Hapo ncha (4, 3) iko umbali wa 4 kutoka mhimili, ndiyo maana nusu kipenyo chako kimekuwa 4. Jibu lako ni sahihi kwa swali ambalo halikuulizwa.

Mjuzi, uliyosema yana ukweli nusu. Ni kweli ujazo wa pia hii ni 12π, ila kijana hakutafuta ujazo. Tazama alichokifanya kwa herufi badala ya namba. Kwa pia yenye nusu kipenyo r na kimo h, hesabu yake inatoa πrh. Ujazo ni πr²h/3. Hivi viwili vinalingana pale tu r inapokuwa 3, na swali hili limechagua 3. Badilisha kipande kiwe y = x/2 kutoka 0 hadi 4: hesabu yake itatoa 8π na ujazo utakuwa 16π/3. Tena kimoja ni sentimita za mraba na kingine ni sentimita za ujazo, havina undugu.

Kijana, kosa lako liko kwenye dx. Wazo la kujumlisha mizingo ni zuri, lakini mzingo hauna upana, na kitu kisicho na upana hakina eneo. Ni lazima kila duara ulipe upana kidogo liwe utepe. Swali ni moja tu: upana wa huo utepe unapimwa kwa kufuata mhimili, au kwa kufuata mstari wenyewe?

kijana_wa_PCM

Si utakuwa mdogo sana kiasi kwamba haina tofauti? Kwenye ujazo tulikata vipande vyembamba, tukavichukulia kama silinda fupi fupi zenye unene dx, na jibu likatoka sahihi. Mbona kule mteremko wa ubavu haukudaiwa?

Chaki_Nyeupe

Swali hilo ndilo lenye nyama, kwa hiyo nitalijibu taratibu. Chukua kalamu.

Kata pia yako vipande vinne, kila kimoja kiwe na unene wa 1. Kila kipande weka silinda badala yake, na nusu kipenyo chukua cha katikati ya kipande. Kwa x = 0.5, 1.5, 2.5 na 3.5 unapata y = 0.375, 1.125, 1.875 na 2.625. Jumla yake ni 6 kamili. Zidisha kwa 2π na kwa unene 1, unapata 12π. Sasa kata vipande mia, au elfu. Utapata 12π ileile, kwa sababu ukichukua katikati kwenye mstari ulionyooka jumla haibadiliki. Hukaribii 15π hata kidogo. Kosa halipungui, na hiyo ndiyo dalili kwamba shida si idadi ya vipande.

Kwa nini haipungui? Tazama kipande kimoja peke yake. Mstari una mteremko wa 3/4: ukienda mbele 4 unapanda 3 na unatembea 5. Ukienda mbele 0.004 unapanda 0.003 na unatembea 0.005. Hata ukate uwembamba wa unywele, utepe wako una upana ambao ni 4/5 ya upana wa kweli. Kila utepe umepunjwa moja ya tano. Ukijumlisha vitu ambavyo kila kimoja kimepunjwa moja ya tano, jumla nayo imepunjwa moja ya tano. Moja ya tano ya 15π ni 3π, na 3π ndiyo iliyokupotea.

Kwenye ujazo mambo ni tofauti. Weka silinda za nje, zile zinazozidi kidogo. Ziada ya kila silinda ni pete iliyozunguka ubavu. Zisukume pete zote zikae upande wa mdomo, moja ndani ya nyingine kama masufuria. Zote zinaenea ndani ya silinda moja nyembamba yenye nusu kipenyo 3 na unene 4/n, ambayo ujazo wake ni 36π/n. Ukiongeza n ziada inakwisha yenyewe. Kule kosa linakufa, huku kosa linaishi.

kijana_wa_PCM

Aisee. Kwa hiyo upana wa kweli natumia Pythagoras: mbele dx, juu dy, na mshazari ni √(dx² + dy²)?

Chaki_Nyeupe

Ndiyo. Toa dx nje, inabaki √(1 + (dy/dx)²) dx. Malizia mwenyewe.

kijana_wa_PCM

dy/dx = 3/4, mraba wake 9/16, ongeza 1 ni 25/16, kipeuo chake 5/4. Kwa hiyo

S = ∫₀⁴ 2π · (3x/4) · (5/4) dx = (15π/8) ∫₀⁴ x dx = (15π/8) · 8 = 15π

Imetoka!! Na kumbe hiyo 5/4 ilikuwa imejificha pale pale, 12π mara 5/4 ni 15π.

chalii_ya_Ngarenaro

Nimesoma hadi hapa sijaelewa ila nimefurahi kwa niaba ya dogo.

msee_wa_Thika

Mimi bado sijatosheka. Huku tunaiita koni, lakini ni kitu kilekile. Eneo la koni nzima si πrl jumlisha πr²? Basi jibu ni 15π + 9π = 24π. Mmesahau kitako.

Chaki_Nyeupe

Ndugu yangu wa Thika, kitako hakijasahaulika. Hakijawahi kuwepo. Kinachozungushwa ni kipande kimoja cha mstari, na kipande hicho kikizunguka kinachora ubavu tu. Mdomo unabaki wazi kama kofia ya sherehe. Ukitaka kitako, ongeza kipande cha pili kinachosimama wima kutoka (4, 0) hadi (4, 3), nacho ukizungushe.

Kipande hicho cha wima kinafundisha jambo. Kwa fomula ya dx huwezi kukihesabu, maana x haisogei na mteremko haupo. Lakini ukirudi kwenye wazo la asili, mzingo mara upana wa utepe, kinahesabika bila taabu: ukipanda wima, upana ni dy. ∫₀³ 2πy dy = 9π. Duara lako limetoka.

Tena angalia namba zilizojikusanya. Utepe wa kulala ulitoa 12π, wa kusimama 9π, wa mshazari 15π. Ni ile 3, 4, 5 imezidishwa kwa 3π. Kijana angejenga pia yake kwa ngazi, akahesabu nyuso za kulala na za kusimama zote, angepata 21π, na hiyo nayo haishuki hata ngazi ziwe ndogo kiasi gani. Ukiangalia kwa mbali ngazi zinafanana kabisa na pia, ila eneo lake si la pia.

fundi_bati_wa_Gerezani

Nimeona neno pia nikaingia. Mimi hizo intigrali sizijui lakini kazi yangu ni faneli na ndoo. Nina swali la kweli la kazi. Mteja anataka ndoo: chini upana sentimita 20, mdomo sentimita 30, kina sentimita 12. Kijana wangu alikata bati la mstatili, urefu wa mzunguko wa katikati, upana sentimita 12. Kulikunja likagoma, na hata alipolilazimisha ndoo ikawa fupi. Ndiyo hilo kosa mnalolisema?

Chaki_Nyeupe

Ndilo hasa, fundi. Tena wewe umelilipia kwa bati. Kina ni 12, lakini bati halishuki wima, linashuka kwa mshazari. Nusu ya chini ni 10, nusu ya mdomo ni 15, linapanuka 5 huku likipanda 12. Mshazari wake ni 13. Alikata 12 mahali pa 13, kwa hiyo alipunja sehemu moja ya 13.

Kwa lugha ya kijana: mstari ni y = 10 + 5x/12 kutoka 0 hadi 12, na kipeuo kinatoa 13/12. Intigrali ya y peke yake ni 120 + 30 = 150. Kwa hiyo 2π × 150 × 13/12 = 325π, kama sentimita za mraba 1,021 bila kitako na bila ya kukunjia. Kuna njia ya mkato kwa mstari ulionyooka: wastani wa nusu kipenyo ni 12.5, mzingo wake 25π, mara mshazari 13. Jibu ni lilelile. Njia hiyo ya kuzidisha urefu wa kipande kwa njia inayosafiriwa na kitovu chake inajulikana kwa jina la Pappus wa Aleksandria. Kwa pia ya kijana kitovu cha kipande kiko umbali wa 1.5 kutoka mhimili: 2π × 1.5 × 5 = 15π.

Ila eneo peke yake halikupi umbo la kukata. Hapo wewe unajua zaidi yangu.

fundi_bati_wa_Gerezani

Umbo tunalipata hivi. Unachora ndoo kwa ubavu sakafuni, kipimo chake halisi. Ubavu wa kushoto na wa kulia unauvuta kwenda chini hadi mistari ikutane. Hapo unapigilia msumari. Unafunga uzi, unachora upinde wa kwanza kupitia kona ya kitako na wa pili kupitia kona ya mdomo. Halafu unapima kwa waya kwenye upinde wa nje hadi itimie mzunguko wa mdomo. Nilikuwa nimemwonyesha dogo, akaona uvivu.

Chaki_Nyeupe

Wakuu, hebu msome fundi mara mbili. Mistari yake inakutana sentimita 24 chini ya kitako, kwa sababu nusu kipenyo kinapungua 5 kwa kila kina cha 12, na kumaliza 10 kunahitaji 24. Uzi wa kwanza ni 26, wa pili ni 39. Pia kubwa ni π × 15 × 39 = 585π. Pia ndogo isiyokuwepo ni π × 10 × 26 = 260π. Toa: 325π. Fundi amefika pale pale bila intigrali, kwa msumari na uzi. Pembe ya bati lake ni 360 × 15/39, digrii 138 na nusu hivi.

binti_wa_Ngamiani

Shikamoo mwalimu. Nina wasiwasi na uhakiki wenyewe. Kitabu kinasema tafuta kwa intigrali, hakiki kwa kanuni ya pia. Lakini tuliposomeshwa fomula ya intigrali, kila utepe ulichukuliwa kama kipande cha pia iliyokatwa ncha, na eneo la kipande hicho lilitoka kwenye kanuni ya pia. Sasa tukihakiki intigrali kwa pia, si tunamuuliza mtu kama yeye mwenyewe ni mkweli?

Chaki_Nyeupe

Marahaba binti. Umeniweka pabaya, na una haki. Kwa mstari ulionyooka ni kweli kabisa: ukitumia tepe za pia iliyokatwa, hata utepe mmoja tu unatoa 15π kamili. Uhakiki huo unakwambia kwamba hukukosea kuhesabu, yaani hukusahau kipeuo na hukuchanganya mihimili. Haukuthibitishii fomula.

Kinachosimama kwa miguu yake ni karatasi. Kata pia kwa mshazari, ifungue, ilaze mezani. Haivutiki wala haikunjamani, kwa hiyo eneo halibadiliki. Unapata kipande cha duara chenye nusu kipenyo 5 na upinde wa urefu 6π. Duara zima la nusu kipenyo 5 lina mzingo 10π, kwa hiyo una tatu ya tano yake, digrii 216. Tatu ya tano ya 25π ni 15π. Hapo hapana kalkulasi. Kata kwenye karatasi ya grafu uhesabu vijiraba, utapata kama 47.

Arkimede naye alilisema bila kalkulasi: ubavu wa pia unalingana na duara ambalo nusu kipenyo chake ni wastani wa kijiometri wa mshazari na nusu kipenyo cha kitako. Hapa ni √15, na eneo la duara hilo ni 15π.

binti_wa_Ngamiani

Karatasi nimeikubali. Lakini inafaa kwa sababu pia inafunguka ikawa bapa. Mpira haufunguki. Siku kipande kikiwa cha duara badala ya mstari, tutahakiki kwa nini? Nani alisema tepe za mshazari ndizo za kweli kule?

Mjuzi_Mkavu

Rahisi. Unabandika vipembetatu vidogo vidogo vyenye kona juu ya uso, unavipunguza, jumla inakwenda kwenye eneo la kweli. Hakuna ubishi.

Chaki_Nyeupe

Ubishi upo, Mjuzi. Mjerumani Hermann Schwarz alionyesha katika karne ya 19 kwamba hata kwa silinda ya kawaida unaweza kubandika pembetatu, kona zote ziko juu ya uso, zinazidi kuwa ndogo, na jumla ya maeneo ikapanda bila kikomo. Ukizipanga vibaya zinajikunja kama taa ya karatasi. Ni zile ngazi za kijana zimerudi kwa sura nyingine. Pembetatu zikiegemea uso vizuri, jumla inafika. Zikisimama kando ya uso, haifiki. Kwa hiyo binti, jibu langu ni kwamba utepe wa mshazari unaegemea uso na ule wa silinda hauegemei. Najua hilo ni nusu ya jibu.

binti_wa_Ngamiani

Ni nusu kweli. "Kuegemea" ndiko nilikouliza maana yake. Nitarudi.

kijana_wa_PCM

Mwalimu la mwisho. Nimejaribu mstari uleule lakini kutoka −4 hadi 4, nimepata sifuri. Pia mbili zimegusana ncha halafu eneo sifuri?

Chaki_Nyeupe

Upande wa kushoto y ni hasi, na wewe umeiita nusu kipenyo. Umbali kutoka mhimili ni |y|. Katiza pale x = 0, hesabu kila upande kwa ishara chanya, utapata 15π na 15π.

pweza_wa_Pemba

Nimerudia kwa mhimili wa x, nimepata 15π. Vitumbua vimeungua lakini.

fundi_bati_wa_Gerezani

Mrejesho: tumekata kwa uzi 26 na 39, ndoo imekaa, kina 12 sawasawa. Ila dogo hakuacha ya kukunjia kwenye kiungo, kwa hiyo mdomo umebana na kitako nilichokuwa nimekata hakiingii. Hiyo nusu sentimita ya kukunjia kila upande naiongeza nje ya pembe, au nabadilisha pembe yenyewe?

msee_wa_Thika

Nje ya pembe, fundi, mistari miwili sambamba na kingo. Ukibadilisha pembe utaongeza zaidi mdomoni kuliko kitakoni.

fundi_bati_wa_Gerezani

Sawa. Ila kwenye faneli ncha ni nyembamba mno, ukiacha nusu sentimita kila upande bati linagongana. Hapo huwa tunapunguza kwa macho.